Simu ya Dakika Saba kwa Mistari Michache

Muhtasari wa simu ya huduma kwa wateja huandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuisikia. Huyo ni mhudumu wa zamu nyingine atakayepokea simu ya mteja yuleyule akiwa amekasirika, au fundi, au karani wa malipo mwenye mafaili mengi mezani. Hana muda wa kusoma kurasa nne za mazungumzo yaliyorekodiwa na kuandikwa neno kwa neno. Anataka kujua mambo matatu tu: shida ni ipi, nini kimeshafanyika, na mteja ameahidiwa nini. Ukimpa hayo yakiwa na kosa, ni afadhali usingempa kabisa, kwa sababu atayaamini.

Tuchukue simu ya mfano kutoka mwaka 2024, wakati mita za LUKU zilipokuwa zinafanyiwa maboresho. Mita za malipo ya kabla zinazotumia mfumo huo duniani kote zilikuwa zikihesabu muda kwa dakika kuanzia mwaka 1993, na hesabu hiyo ilikuwa inafika ukingoni tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo mteja aliponunua umeme alitumiwa safu tatu za tarakimu ishirini ishirini badala ya moja. Safu mbili za mwanzo zilikuwa za kuiboresha mita, na ya tatu ndiyo iliyobeba umeme wenyewe. Zilipaswa kuingizwa kwa mpangilio huohuo.

Mama mmoja anapiga simu asubuhi. Anaanza, kama watu wengi wanavyoanza, mbali kidogo: alikuwa msibani, karudi usiku, kakuta giza. Kanunua umeme wa shilingi 10,000, meseji imekuja na namba nyingi, naye akaingiza zile za mwisho kama alivyozoea. Mita ikakataa. Akarudia, ikakataa. Kijana wa jirani akamwambia azime swichi kubwa kisha awashe. Kazima, kawasha, hakuna kitu.

Mhudumu anamwelekeza aanze na safu ya kwanza. Inakubali. Ya pili inakataa. Wanasomeana tarakimu moja moja, wanagundua aliandika sita mahali pa tisa, anarudia, inakubali. Ya tatu inaingia na umeme unawaka. Mama anashukuru, na hapo mwandishi mvivu angefunga faili. Lakini mama anaendelea: "Sasa mwanangu, kuna nyingine ya elfu tano niliinunua wiki iliyopita sijaiingiza. Naijaribu hapa, haitaki."

Mhudumu anajibu: "Hiyo ya zamani haitaingia tena, mama, mita imeshabadilika. Nitaipeleka kwa wenzetu wa malipo leo kabla ya saa kumi, waiangalie. Ikikubaliwa utatumiwa namba mpya kwa meseji." Mama anauliza: "Kwa hiyo kesho kutwa nitakuwa nimeipata?" Mhudumu: "Kawaida huwa haizidi siku mbili. Ukiona kimya, tupigie."

Angalia shida ilivyohama. Dakika tano kati ya saba za simu hii zinahusu umeme wa shilingi 10,000, jambo ambalo limekwisha. Shida iliyobaki ni ya shilingi 5,000, nayo imetajwa katika sentensi mbili tatu za mwishoni. Anayefanya muhtasari kwa kufuata wingi wa maneno ataandika kwamba mita inakataa umeme, na fundi anaweza kutumwa kwenye nyumba ambayo taa zinawaka. Kwa hiyo mimi huanza kusoma nakala kutoka mwisho: simu ilipokatwa, ni kitu gani kilikuwa bado hakijatatuliwa? Hicho ndicho kinachokaa kwenye mstari wa shida. Kilichotatuliwa njiani hushuka kwenye hatua zilizochukuliwa.

Katika hatua, tenganisha alichokifanya mteja kabla ya kupiga na kilichofanyika simuni, na kila hatua iandikwe pamoja na jibu lake. "Ameingiza namba" ni nusu ya habari. Ilikubali au ilikataa? Bila jibu, mhudumu wa kesho atamrudisha mama kwenye mita aanze upya, na baadhi ya mita hujifunga kwa muda zikiingiziwa namba zisizokubalika mara nyingi. Jihadhari pia na nakala yenyewe. Sauti mbili zikigongana, mara nyingi maneno ya mteja huandikwa chini ya jina la mhudumu, ukaja kusoma kwamba mhudumu ndiye aliyezima swichi. Palipo na shaka, sikiliza rekodi sehemu hiyo.

Kwenye ahadi ndiko watu wanakoharibu zaidi. Muhtasari wa haraka wa simu hii ungesema: "Mteja atapata namba mpya ndani ya siku mbili." Inaonekana sawa, lakini hakuna aliyesema hivyo. Mhudumu aliahidi jambo moja, kulipeleka suala kwa wenzake siku hiyohiyo. Namba mpya ina sharti, "ikikubaliwa". Siku mbili ni kawaida aliyoieleza, hakujifunga nayo. Na "utatumiwa" haisemi nani atatuma. Muktadha ndio unaoonyesha kuwa ni watu wa malipo. Kesho kutwa ni matarajio ya mama mwenyewe, nayo yanastahili kuandikwa, ila kama matarajio, maana ndiyo yatakayomfanya apige tena.

Saa nayo ina mtego wake. Mhudumu amesema saa kumi, yaani alasiri. Mifumo mingi ya kazini husoma 10:00 kuwa saa nne asubuhi, na faili litaonekana limechelewa kabla hata simu haijaisha. Andika 16:00, au andika "saa kumi alasiri" kwa maneno.

Simu yetu basi inakuwa hivi:

Shida: Umeme wa shilingi 5,000 ulionunuliwa wiki iliyopita, kabla mita haijaboreshwa, hauingii. Umeme wa shilingi 10,000 umeshaingia, taa zinawaka.

Hatua: Kabla ya simu, mteja aliingiza safu ya tatu peke yake zaidi ya mara moja, ikakataa, alizima na kuwasha swichi kubwa, bila mabadiliko. Wakati wa simu, safu ya kwanza ilikubali, ya pili ilikubali baada ya kurekebisha tarakimu, ya tatu ilikubali. Namba ya zamani ilijaribiwa, ikakataa.

Ahadi: Mhudumu kupeleka suala kitengo cha malipo leo kabla ya saa kumi alasiri. Wakikubali, namba mpya itatumwa kwa meseji. Muda wa kawaida uliotajwa ni siku mbili, haukuahidiwa. Mteja anatarajia kesho kutwa. Akiona kimya atapiga.

Kuikagua, shika kila sentensi na uitafutie mstari wake kwenye nakala. Isiyo na mstari imetoka kichwani mwako. Kisha geuza, pitia maneno ya mhudumu peke yake ukitafuta kila "nitafanya" na "tutafanya", uone kama kuna iliyoachwa. Usiihesabu "sawa" kuwa ahadi. Mhudumu husema "sawa" simu nzima kuonyesha kwamba anasikiliza. Na kama simu imekwisha bila ahadi yoyote, andika wazi "Hakuna ahadi iliyotolewa", badala ya kuacha nafasi tupu ambayo mwingine ataijaza kwa kubahatisha.

Namba ya shilingi 5,000 iliyokataa iandikwe nzima kwenye faili, tarakimu zote ishirini. Watu wa malipo wataihitaji, na haiwezi kumfaa mwizi kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya mita hiyo tu. Lakini kama mama katika maelezo yake alitaja namba yake ya siri ya pesa za simu, jambo linalotokea kuliko mtu anavyodhani, hiyo haiingii kwenye muhtasari, na ifutwe kwenye nakala pia.