Paka wa Ganda: Jinsi ya kumfunza kutembea akiwa na mikanda na kamba

WAKAZI wengi wa Ganda, magharibi mwa mji wa Malindi, hufuga paka ili awatie adabu panya wanaovamia mahindi. Mchana paka huyo huachwa ajitafutie njia zake. Matatizo huanza anapovuka barabara yenye pikipiki za bodaboda, anapokutana na mbwa wanaorandaranda, au anapoonja vifaranga vya jirani. Si ajabu jirani aliyechoshwa na hasara kumtilia sumu.

Baadhi ya wafugaji huamua kumfungia ndani. Hata hivyo, paka mchangamfu akifungiwa siku nzima hulia mlangoni, hukwaruza viti na hutoroka mara mlango unapofunguliwa. Kumfunza kutembea akiwa amefungwa mikanda ya kifuani na kamba ni njia ya kati: hupata hewa na harufu za nje, lakini hayuko mbali na mkono wa mwenyewe.

Paka wa eneo hili wana sifa inayofaa kuzingatiwa kabla ya kununua chochote. Mnamo mwaka wa 1978, Bi Jeni Slater aliwapata karibu na Watamu paka wenye madoa yanayofanana na gamba la mti, ambao Wagiriama huwaita khadzonzo. Baadhi yao walipelekwa Denmark, na leo aina hiyo inajulikana duniani kwa jina la Sokoke, kutokana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni paka wembamba, wenye miguu mirefu na wepesi mno. Si kila paka wa Ganda ni khadzonzo, lakini wengi wana umbo hilo jembamba, na paka mwembamba ndiye huchomoka kwa urahisi katika mikanda iliyolegea.

Kamba haifai kamwe kufungwa kwenye ukosi wa shingoni. Paka akishtuka na kuruka, uzito wote huangukia koo, naye anaweza kuumia au kunyongwa. Kinachohitajika ni mikanda miwili iliyounganishwa, mmoja ukizunguka shingo na mwingine kifua nyuma ya miguu ya mbele, huku kamba ikifungwa mgongoni. Kuna pia ile iliyoshonwa mfano wa fulana. Mikanda iliyotengenezewa mbwa mdogo mara nyingi haimkai paka sawasawa.

Kipimo cha mkazo ni kidole kimoja au viwili kupita kati ya mkanda na mwili. Kisha kuna jaribio la pili ambalo wengi hulisahau. Paka hachomoki kwa kukimbia mbele, bali kwa kurudi kinyumenyume huku akikunja mabega. Kwa hivyo, mkiwa ndani na mlango umefungwa, simama mbele yake na uvute kamba polepole kuelekea kwako. Iwapo mkanda unapanda hadi masikioni, haujamfaa.

Chukua mfano wa paka jike wa miaka miwili katika boma moja la Ganda, aliyezoea watu lakini mwoga wa kelele. Siku tatu za kwanza mikanda huwekwa tu sakafuni kando ya sahani yake ya chakula, ainuse apendavyo. Siku ya nne na ya tano huwekwa juu ya mgongo wake bila kufungwa, naye hupewa kipande cha samaki aliyechemshwa bila chumvi, kikubwa kama punje ya mahindi. Kipande hicho hutolewa papo hapo, kwani akicheleweshewa hatahusisha samaki na mikanda.

Siku ya sita mikanda hufungwa kwa dakika mbili, kabla ya chakula akiwa na njaa kiasi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu paka huanguka ubavu kana kwamba amepooza, au hutembea akiburura tumbo. Hajaumia. Mguso wa mikanda ni jambo geni kwake. Asiinuliwe wala kusukumwa, bali avutwe kwa samaki au kwa uzi wa kuchezea. Akipiga hatua chache, mikanda ivuliwe. Muda huongezwa kidogo kidogo hadi aweze kula na kucheza kwa dakika kumi kama asiyevaa kitu.

Ndipo kamba ya takriban mita mbili inapofungwa. Mara ya kwanza huachwa iburute sakafuni, huku mwenyewe akiangalia isinase kwenye miguu ya viti. Baadaye huishika na kumfuata paka. Paka hatembei kama mbwa: yeye ndiye huchagua njia, naye mwenye kamba humzuia tu asiende kwenye hatari. Kumburuta humfundisha kuiogopa kamba.

Huenda wiki tatu zikapita kabla ya paka huyo kutoka nje. Siku hiyo asivuke kizingiti kwa miguu yake, bali abebwe ndani ya kikapu chenye kifuniko na kufunguliwa uani. Akizoea kutoka mwenyewe mlangoni, atatoroka siku ambayo hajavaa mikanda. Kikapu kibaki wazi karibu naye, kiwe maficho yake. Dakika tano zinatosha.

Wakati unaofaa ni asubuhi mapema, bodaboda zikiwa chache na mchanga ukiwa baridi. Weka kiganja ardhini kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia zitaungua. Epuka majani marefu na marundo ya makuti, ambamo nyoka hujificha. Asiruhusiwe kupanda mwembe zaidi ya urefu wa mkono wako, kwani kamba ikinasa tawini atabaki akining'inia. Kwa sababu hiyo hiyo, asifungwe mtini na kuachwa peke yake, hata kwa muda mfupi.

Dalili za hofu ni masikio kulala nyuma, mboni za macho kutanuka, mkia kuvimba na mwili kujikunyata. Akihema mdomo wazi, safari imekwisha na arudishwe kivulini ndani. Mbwa akitokea, usimkumbatie paka kifuani mikono mitupu, maana aliyeshikwa na hofu humng'ata hata bwana wake. Mfunike kwa leso, mviringe na umtie kikapuni. Anayeng'atwa na mnyama yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini bila kuchelewa, kwa kuwa kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia.

Kwa hivyo, chanjo ya ugonjwa huo itangulie safari ya kwanza. Aidha, dawa ya viroboto na kupe iwe ile ya paka. Baadhi ya dawa za mbwa zina permethrini, kemikali inayomtetemesha paka na inayoweza kumuua.

Si kila paka atakubali. Mwenye mimba, mgonjwa au aliyezeeka katika tabia zake asilazimishwe. Iwapo baada ya wiki kadhaa bado anajificha kila aonapo mikanda, ni heri kumzibia sehemu ya baraza kwa wavu imara. Hapo atapunga upepo na kuwatazama vifaranga wa jirani bila kuwafikia.