Pesa Inayosubiri Masika

Jirani yangu wa Mbezi alikabidhiwa nyumba yake mwezi Juni, wakati ambao Dar es Salaam hakuna paa linalovuja. Ni nyumba ya mtindo huu wa sasa, paa la kuficha: mabati yamelala nyuma ya ukuta uliopandishwa juu, na maji yanashukia kwenye gata iliyojificha humo ndani. Fundi alifika na shati safi, akafungua milango, akawasha taa, akasubiri pesa yake ya mwisho.

"Yote nakupa, fundi," mama akamwambia, "ila ile tuliyoandikiana itasubiri masika."

Waliyoandikiana ni pesa ya zuio. Katika kila malipo, mwenye nyumba hubakiza sehemu, kwa kawaida asilimia 10. Kazi ikikabidhiwa hutoa nusu ya alichobakiza. Nusu ya pili hukaa mpaka kiishe kipindi cha matazamio, yaani ile miezi ambayo aliyejenga anawajibika kurudi kurekebisha kasoro za kazi yake bila kudai malipo mengine. Kwenye mikataba ya makampuni makubwa hilo ni jambo la kila siku. Kwenye nyumba zetu hizi, watu hubakiza pesa kienyeji, bila karatasi, na ndipo ugomvi unapoanzia, maana fundi anaona amedhulumiwa na mwenye nyumba anaona anajilinda.

Mkataba wa jirani yangu ulikuwa wa shilingi milioni 30, vifaa na ufundi, kwa kupaua, plasta, dari na rangi. Malipo yalikuwa matano, ya milioni 6 kila moja, na kila awamu alitoa milioni 5 na laki 4, akabakiza laki 6. Mwisho wa kazi alikuwa ameshika milioni 3. Siku ya makabidhiano walizunguka chumba kwa chumba wakiandika: mlango wa choo unakwaruza sakafu, swichi mbili zimekaa upande, rangi ya korido ina mabaka. Fundi alimaliza hayo kwa siku tatu, akapewa milioni 1 na nusu. Milioni 1 na nusu nyingine ikabaki, kwa miezi 12.

Miezi 12, si 6. Mikataba mingi midogo huandika 6 kwa sababu fundi ndiye anayeleta karatasi. Hesabu mwenyewe: ukikabidhiwa Juni, miezi 6 inaishia Desemba. Umeonja vuli tu, na vuli kuna mwaka inakuja ya manyunyu. Masika ya Machi hadi Mei, yanayojaribu kweli paa, yanakuja fundi akiwa ameshalipwa. Mimi nisingejali sana kama ni asilimia 5 au 10. Ningejali kwamba ndani ya kipindi hicho mna masika nzima.

Vuli ya jirani ikapita salama. Mwezi Aprili, usiku wa mvua kubwa, dari ya jipsamu ya chumba cha watoto ikaota doa la rangi ya chai, pembeni kabisa karibu na ukuta wa nje. Doa la katikati ya chumba mara nyingi hutokana na msumari au maungio ya bati. Likiwa pembeni, kwenye paa la kuficha, mtuhumiwa wa kwanza ni gata.

Alipiga picha, akatuma ujumbe ulioeleza tarehe, chumba na kilichoonekana, akampa fundi siku 10. Hatua hii watu wengi huiruka. Wanamwita fundi mwingine asubuhi hiyo hiyo, kisha wanaikata pesa ya yule wa kwanza. Lakini kipindi cha matazamio kinampa aliyejenga wajibu wa kurudi na pia nafasi ya kurudi, maana yeye angerekebisha kwa gharama ndogo. Usipomwita, anaweza kukataa kubeba gharama yote, na atakuwa na hoja.

Fundi akajibu: "Mama, hayo ni majani ya mwarobaini. Safisha gata."

Hakusema uongo. Majani yalikuwepo, na kuyatoa ni kazi ya mwenye nyumba, kama vile marumaru iliyopasuliwa na mchi si kosa la aliyeitandika. Ila gata ya kuficha iliyojengwa vizuri huachiwa tundu la dharura: bomba fupi linalotoboka ukuta wa nje, chini kidogo ya ukingo wa bati, ili bomba kuu likiziba maji yamwagikie uani. Wakapanda juu. Majani yakatolewa, bomba la kushusha maji likazibwa kwa makusudi na tambara, gata ikajazwa maji polepole kwa mpira. Maji yalipanda, yakakosa pa kutokea, yakaingia chini ya bati. Tundu halikuwepo. Majani yalikuwa ya mama. Kukosekana kwa tundu kulikuwa kwa fundi.

Fundi kipindi hicho alikuwa na kazi Dodoma, siku 10 zikapita. Mama akamwandikia tena kwamba sasa anamwita mwingine kwa gharama ya zuio, akaita. Kutoboa tundu na kuweka bomba, kubadilisha ubao mmoja wa dari na kupaka rangi vikala laki 6 na elfu 20. Elfu 40 za kusafisha gata alizitoa mfukoni mwake, hakuzihesabu humo.

Hapa niseme neno upande wa mafundi. Pesa ya zuio ni yao, kazi wameshaifanya. Ni kosa kuichukua kulipia geti au kuikata kwa sababu hukupenda rangi uliyoichagua mwenyewe. Na kama umempa fundi ufundi tu, vifaa unanunua wewe, asilimia 10 yake ni ndogo: kwenye ufundi wa milioni 4 ni laki 4, na ukitoa nusu inabaki laki 2. Hiyo haiwezi kulipia paa. Kazi yake ni kumfanya aone bora arudi kuliko kupotea, na laki 2 haimrudishi mtu kutoka Dodoma. Kwa kazi ya namna hiyo nashauri msigawe nusu kwa nusu. Kubalianeni tangu mwanzo kiasi kimoja kitakachosubiri chote, kikatwe kwenye faida yake, na malipo ya kila wiki ya saidia fundi yasiguswe. Kijana aliyebeba zege hahusiki na gata yako.

Kipindi kikiisha nacho hakifuti kila kitu. Kasoro iliyojificha, kama lenta isiyo na nondo inayokuja kuonekana mwaka wa tatu kwa ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha, bado ni uvunjaji wa mkataba, na sheria ya ukomo ya Tanzania inatoa miaka 6 kufungua madai ya mkataba. Ila hapo hushiki tena pesa yoyote mkononi; unakwenda kuidai.

Juni ilipofika, fundi alirudi mwenyewe. Mama alimwekea mezani picha za gata, risiti ya bomba na ya ubao, na laki 8 na elfu 80. Fundi akazisoma risiti mara mbili, akapanda juu kulitazama lile tundu, akashuka.

"Wameliweka juu mno," akasema. "Lilitakiwa lishuke vidole viwili."

Akaomba ngazi na tindo, akalishusha, ndipo akatia sahihi.