Maji Yakinuka Dawa

Kila mgawo wa maji unaporudi mtaani baada ya siku mbili tatu za ukavu, lalamiko huwa lile lile: leo maji yana dawa nyingi. Wengine huyamwaga, wengine huyaacha ya kufulia tu na kwenda kununua ya dumu ambayo hawajui yametoka kisima gani. Nadhani wanakimbia maji yenye ulinzi na kuyafuata yasiyo nao. Harufu ya klorini kwenye maji ya bomba, kwa kawaida, inamaanisha kwamba dawa iliyotiwa kwenye mtambo haijaisha njiani, na jambo la kuogopwa zaidi ni dawa hiyo kuisha kabla maji hayajakufikia.

Sababu iko kwenye bomba lenyewe. Likikaa bila maji, msukumo wa ndani hupotea, na kama lina ufa na limepita kwenye tope au kando ya mtaro, maji machafu ya nje huingia. Mgawo ukirudi, uchafu huo husombwa hadi kwenye ndoo yako. Kinachobaki kupambana na vijidudu vya kipindupindu na kuhara ni mabaki ya klorini. Shirika la Afya Duniani linataka mabaki hayo yasipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochota, na limeweka kikomo cha usalama cha miligramu 5. Pua na ulimi wa wengi hushtuka mapema zaidi, kwenye miligramu 0.6 hadi 1, na wenye hisia kali huonja hata 0.3. Kwa hiyo mtu anaweza kukunja uso kwa maji ambayo yako mbali kabisa na kikomo.

Hata hivyo si kila harufu ina maana moja. Ile kali ya bwawa la kuogelea, inayochoma pua, mara nyingi hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na amonia, na amonia huweza kuletwa na majitaka. Ikizuka ghafla, au maji yakija na rangi, tope au harufu ya kinyesi, usiyanywe. Piga simu mamlaka ya maji. Harufu ya udongo au ukungu haitokani na klorini, mara nyingi husababishwa na mwani wa bwawani au mtoni. Na maji meupe kama maziwa? Yakinge kwenye glasi ya kioo uyatazame: weupe ukianza kuondoka chini na kupanda juu, hiyo ni hewa tu.

Wapo wanaouliza kuhusu saratani. Hoja hiyo ina msingi: klorini ikikutana na mabaki ya majani na mboji huzaa kemikali kama klorofomu, ambazo mitambo inapaswa kuzidhibiti kwa kuchuja maji vizuri kabla ya kutia dawa. Lakini hatari hiyo ni ndogo na hujengeka kwa miaka mingi, ilhali kipindupindu huweza kuua kwa saa chache. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba jitihada za kupunguza kemikali hizo zisidhoofishe uuaji wa vijidudu.

Basi ladha iondolewe wapi? Kwenye jagi, si kwenye tangi. Simtank ya lita 1,000 iliyojaa maji yenye miligramu 0.5 kwa lita ina nusu gramu tu ya klorini. Ukiacha mfuniko wazi ili harufu itoke, jua na vumbi vitaimaliza na maji yatabaki bila mlinzi. Chota ya kunywa ya siku moja, mimina mara kadhaa kutoka chombo safi hadi kingine, funika, weka kwenye friji. Maji baridi hayaonyeshi ladha sana. Ukitaka haraka, kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu kwenye lita moja kina vitamini C ya kutosha kumaliza takriban nusu miligramu ya klorini. Kuchemsha nako huiondoa, na huua vijidudu, ila maji yakishapoa hayana kinga tena, hivyo kikombe kilichoshikwa na mkono mchafu kinaweza kuyaharibu upya. Kichujio cha kaboni hufanya kazi nzuri kuliko vyote, mradi kibadilishwe kwa wakati, maana kikichakaa bakteria huzaliana ndani yake. Mkaa wa jikoni hauwezi kuchukua nafasi yake.

Kwa njia yoyote utakayochagua, maji yaliyotolewa klorini yafunikwe, yachotwe kwa bomba la chombo au kata yenye mpini mrefu, na yanywewe ndani ya siku hiyo hiyo.