Kiwiko Kabla ya Kiganja

Mtoto wa darasa la awali akisikia kikohozi kinakuja, mkono wake hukimbilia mdomoni wenyewe. Dakika moja baadaye kiganja hichohicho kinashika penseli ya jirani. Ndiyo maana mwalimu humfundisha kukohoa kwenye kiwiko, sehemu isiyogusa dawati wala rafiki.

Kumwambia tu hakutoshi. Mwambie anuse upande wa ndani wa kiwiko chake, pua na mdomo vikiwa vimezama kwenye mkunjo. Wengi huinua mkono mbele ya uso na kuacha nafasi, na mate hupita juu yake. Wafanye mazoezi wakiwa wazima, kwa kukohoa kwa kuigiza, kwa sababu kikohozi cha kweli hakisubiri mtu akumbuke. Hata hivyo kiwiko hakizuii kila kitu, kwa hiyo madirisha yabaki wazi.

Kunawa nako kuna kasoro zake. Watoto husugua viganja na kusahau vidole gumba, katikati ya vidole na kucha. Wapake chaki ya rangi mikononi, kisha wanawe kwenye kibuyu chirizi kwa sabuni, wakisugua sekunde 20. Rangi iliyobaki itawaonyesha wenyewe walipopasahau. Na tafadhali, msiweke beseni moja la maji kwa darasa zima: wa mwisho hunawa uchafu wa wenzake. Maji yatiririke, hata kama ni kidogo.