Kina Kimoja, Lugha Mbili

Shairi linalochanganya lugha mbili mara nyingi huharibika kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Mtunzi huanza kwa lugha aliyoizoea, akifika mahali kina kinamkwama huchomeka neno la lugha ya pili, kisha huendelea. Msomaji wa lugha moja hatagundua kitu. Anayezijua zote mbili atajua papo hapo kwamba neno lile limeletwa kuziba pengo.

Washairi wa Andalusia, sehemu ya Hispania iliyotawaliwa na Waislamu, walifanya kinyume. Walikuwa na utungo uitwao muwashaha, ambao beti zake huwa na mistari inayobadilisha vina kutoka ubeti hadi ubeti, ikifuatwa na mistari yenye vina vya kudumu, kama bahari ya utenzi wetu inavyodumu hadi mwisho. Fungu la mwisho kabisa huitwa kharja, na hapo ndipo lugha hubadilika. Shairi zima likiwa kwa Kiarabu cha wasomi, kharja huja kwa Kiarabu cha mitaani au kwa lugha ya Kirumi ya wenyeji, ile iliyo jamaa ya Kihispania cha leo. Wayahudi wa huko nao waliuchukua utungo huo wakautungia Kiebrania. Yehuda Halevi, aliyefariki mwaka 1141, ni mmoja wao.

Aliyetuwekea kanuni zake kwa maandishi ni Mmisri, Ibn Sana al-Mulk, aliyefariki mwaka 1211. Katika kitabu chake Dar al-Tiraz anasema kharja itungwe kwanza, na shairi lote lijengwe juu yake. Pia anataka iwe kinywani mwa mtu, na kabla yake litangulie neno kama “akasema” au “akaimba”. Mara nyingi anayesema ni msichana anayemlilia mpenzi wake.

Kanuni hizo mbili zinatatua karibu matatizo yote. Mstari wa lugha ya pili ukitangulia kutungwa, ndio unaochagua kina, na lugha ya kwanza ndiyo inayotafuta maneno ya kuufuata. Na kama kuna mtu anayesema, msomaji haulizi kwa nini lugha imebadilika, kwa kuwa aliyebadilika ni msemaji.

Tujaribu kwa Kiswahili na Kiarabu, lugha zilizokaa pamoja katika ushairi wa pwani kwa karne nyingi. Chukua mume anayeondoka na jahazi kuelekea Arabuni, naye Kiarabu ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Mstari wake wa kuaga uwe wa mizani nane, tuweze kuutia katika utenzi. Nilifikiria kwanza kuanza na kalbi, yaani moyo wangu. Hesabu inakubali, lakini tahajia inakataa. Kiarabu kina k ya kooni na k ya kawaida, na herufi zetu hazizitofautishi. Kwa k ya kooni ni moyo wangu. Kwa ile nyingine ni mbwa wangu. Anayejua Kiarabu ataisikia tofauti hiyo hata kama hukuikusudia. Basi nikachagua fuadi, ambalo nalo ni moyo, na ambalo washairi wetu wamelitumia tangu zamani. Mstari ukawa hivi: fuadi indaki baki.

Maana yake ni kwamba moyo wangu umebaki kwako wewe, mwanamke. Hesabu ni fu-a-di-in-da-ki-ba-ki. Ile in ni silabi funge, inayoishia kwa konsonanti, nayo huhesabiwa mizani moja. Sasa usikilize mkazo. Mswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Mwarabu hufuata urefu wa silabi. Katika fuadi na baki wote wawili wanakaza mahali pamoja. Katika indaki wanaachana, kwa sababu Mwarabu hukaza in na Mswahili hukaza da. Laiti indaki ingekuwa mwisho wa mstari, kina kingeyumba kwa mmoja wao. Kwa kuwa iko katikati, sikio hupita bila kukwama. Neno lenye mkazo unaogombaniwa liwekwe ndani ya mstari, na mwisho ukae neno ambalo lugha zote mbili zinalitamka sawa.

Kuna jambo jingine katika baki. Kubaki ni Kiswahili, kwa hiyo hata asiyejua Kiarabu ana pa kushika mwanzoni na mwishoni mwa mstari, na kigeni kwake ni lile la kati tu. Mwarabu naye akiisoma kwa k ya kawaida atapata “analia” badala ya “amebaki”. Moyo unaolia ulipo mpenzi bado una maana katika kuagana. Utata wa kalbi ulibomoa mstari, huu unauongezea, na hiyo ndiyo sababu nimeuacha.

Sasa ndipo tunautungia Kiswahili kinachoutangulia:

Tanga lilipoinuka,
mumewe akageuka,
akamwita kwa haraka:
fuadi indaki baki.

“Akamwita” ndilo linalofungua mlango wa lugha ya pili, na “mumewe” limekwisha kutuambia kwamba anayeitwa ni mwanamke, kwa hiyo indaki haimshangazi mtu. Kina cha ki kitakuwa bahari ya beti zote zitakazofuata, na Kiswahili hakina uhaba nacho: rafiki, dhiki, haki, sitaki.

Linganisha na ubeti huu, ambao pia una mizani nane kila mstari:

Tanga lilipoinuka,
hubbi yangu akatoka,
wa ana nasikitika.

Ukihesabu kwa vidole, hauna kosa. Lakini hubbi tayari ni “pendo langu”, kwa hiyo “yangu” inamiliki mara ya pili. Ana ni “mimi”, na nasikitika ina “mimi” yake ndani. Mtunzi ameruka lugha mahali ambapo sarufi mbili hazifungamani, na kila mruko umeacha maana ikijirudia. Shana Poplack, aliyechunguza mazungumzo ya Wapuerto Riko wa Nyu Yoki na kuchapisha matokeo mwaka 1980, alionyesha kwamba wenye lugha mbili huelekea kuhama pale mpangilio wa maneno wa lugha hizo unapolingana. Kati ya Kiarabu na Kiswahili, mahali salama zaidi ni mpaka wa sentensi nzima, kama tulivyofanya. Ndani ya kitenzi, ambamo Kiswahili hupanga mtenda na mtendwa kwa viambishi, usiruke kabisa.

Tatizo la maandishi ni la zamani. Samuel Stern alipotangaza mwaka 1948 kwamba kharja kadhaa za muwashaha za Kiebrania zilikuwa za Kirumi, wataalamu walikabiliwa na herufi za Kiebrania zisizoonyesha irabu, na usomaji wa baadhi ya mistari hiyo ungali na ubishi. Anayetunga leo aisome kazi yake kwa sauti mbele ya watu wawili, mmoja mwenye lugha zote mbili na mwingine mwenye moja, akiangalia kila mmoja anasita wapi.

Ubeti wa pili nauacha kwa msomaji. Mke ajibu kutoka ufukweni, na anayejibiwa ni mwanamume, kwa hiyo mstari utabadilika irabu moja tu: fuadi indaka baki. Mizani ni nane vilevile na kina ni kilekile. Tunga mitatu ya Kiswahili inayoutangulia, na jibu lake lisikike kabla jahazi halijatoka bandarini.