"Nataka nionekane profesheno": safari ya ombi hadi mezani kwa fundi

Wateja wengi wa washauri wa mavazi huingia na ombi lile lile. "Dada, nataka nionekane profesheno zaidi." Akiulizwa kivipi, mteja hushika kola, hucheka kidogo, kisha hujibu: "Yaani, si unaelewa." Mshauri haelewi, na haifai ajifanye ameelewa. Wanaojifanya ndio humpeleka mteja moja kwa moja Kariakoo akanunue suti nyeusi, na mwezi ukiisha suti hiyo iko kabatini inasubiri harusi.

Chukua mfano wa mwanamume wa miaka 35, afisa mauzo wa kampuni ya vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, aliyepandishwa cheo na kuwa meneja wa kanda. Mshauri mzoefu hamwulizi anapenda rangi gani. Anamwuliza: "Kaka, ni lini mara ya mwisho ulijiona hujapendeza, na nani alikuwa anakutazama?" Swali hilo humtoa mtu kwenye ndoto na kumrudisha kwenye tukio. Jibu la meneja huyu linakuja haraka. Alifika kwenye kikao na wakandarasi, mlinzi akamwelekeza akasubiri walikokaa madereva.

Hapo tayari kuna kitu cha kushika. Siku ile alivaa fulana ya kola yenye nembo ya kampuni. Anaipenda kwa sababu ni ya bure na haisumbui kupiga pasi. Lakini fulana hiyo hiyo huvaliwa na dereva, mtunza stoo na vijana wa kupakia mizigo. Kiunoni alining'iniza rundo la funguo. Mlinzi hakumdharau, alisoma alichokiona.

Swali la pili ni la mahali. Asubuhi meneja huyu huzungukia maduka ya vifaa vya ujenzi, mchana hukaa na wakandarasi, na Ijumaa hukutana na wakurugenzi. Akiingia dukani na suti nyeusi na mkoba, mwenye duka ataanza kutafuta risiti zake akidhani TRA wamefika. Vazi linaloheshimika hapa huweza kukataliwa hatua chache mbele. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku Kaunda suti bungeni, wakati Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akionekana nayo mara kwa mara kwenye shughuli za serikali. Kwa hiyo mshauri huandika kwanza watazamaji watatu wa mteja wake, ndipo aguse nguo.

Kisha zinakuja picha. Nne zinatosha: ya mbele, ya ubavuni, ya nyuma na ya kukaa. Simu huwekwa usawa wa kifua, kama mita tatu kutoka kwa mteja, maana ikisogezwa karibu na kuinuliwa juu hufupisha miguu na kukuza kichwa. Mteja avae nguo anazovaa siku ya kawaida, na zile za vikao azivae baadaye kwa seti ya pili ya picha. Kioo hakifai kwa kazi hii. Mbele ya kioo kila mtu huvuta tumbo na kuinua kidevu, na mgongo wake mwenyewe haoni.

Picha za meneja huyu zinaonyesha mambo kumi na zaidi. Koti lake la vikao limekaa sawa mabegani, ila mikono inafunika nusu ya viganja. Kitambulisho cha kiwandani bado kimeshonwa juu ya vifungo vya mkono wa kushoto, na mpasuo wa nyuma bado umefungwa kwa uzi ule wa herufi X ambao kazi yake ni kulinda koti lisikunjamane safarini. Suruali imelundikana juu ya kiatu. Visigino vya viatu vimelika upande wa nje. Mfuko mmoja umevimba kwa pochi na simu. Ana ndevu, ana tumbo, hana tai, na begi lake limechakaa.

Sehemu ngumu ni kufuta. Mshauri asiyejua kazi atampa mteja yote kumi, na mteja atafanya mawili yaliyo rahisi kuliko mengine. Kila jambo hupimwa kwa maswali matatu: je, wale watazamaji watatu wataliona wakiwa wamesimama naye? Je, linarekebishika bila kununua kabati jipya? Je, linaweza kuandikwa kwa namna ambayo mtu mwingine atalifanya bila kuuliza? Swali la mwisho ndilo linalochuja zaidi. "Nguo zikae vizuri" mafundi wawili watalitekeleza kwa namna mbili. "Mikono ya koti ipunguzwe sentimita 3" hakuna wa kulikosea.

Ndevu zinabaki, kwa kuwa zimechongwa na hakuna aliyezilalamikia. Tai inafutwa, madukani ingemtenga na wateja wake. Tumbo si kazi ya fundi. Begi linaahirishwa.

Karatasi anayoondoka nayo ina mistari mitano tu. Siku za vikao avae shati la bluu isiyokolea la mikono mirefu lisilo na nembo, ambalo kola yake ikifungwa inaruhusu vidole viwili kupita. Mikono ya koti ipunguzwe sentimita 3 ili shati lichungulie kama sentimita moja, na fundi huyo huyo afumue kitambulisho na uzi wa mpasuo. Suruali ipunguzwe sentimita 4, iguse kiatu kwa mkunjo mmoja mdogo. Funguo, pochi na simu vitoke kiunoni na mifukoni, viingie kwenye begi. Viatu viwekwe visigino vipya na kupigwa rangi.

Kwa fundi ndipo mambo huweza kuharibika. Mikono ya koti hufupishwa kirahisi kutokea chini ikiwa matundu ya vifungo ni ya urembo tu. Yakiwa yamechanwa kweli, kukata chini kutaviacha vifungo ukingoni kabisa, na kazi italazimika kuanzia begani, ambayo ni ngumu na si ya kila fundi. Mabega yenyewe ni heri yasiguswe. Koti lililozidi mabegani ni la kurudisha au kuuza, hata kama limepatikana kwa bei ya kutupa mnadani. Kiuno hupunguzwa kwa saa moja, bega hulazimisha kulifumua koti karibu lote.

Suruali nayo ipimwe mteja akiwa amevaa viatu vyenye visigino vipya. Ikiwa ya pamba, ifuliwe kwanza, kwa sababu kitambaa kinaweza kurudi na kumwacha mtu na suruali ya kuvukia mto. Nguo iliyozidi ikunjwe ndani ya upindo badala ya kukatwa yote, ili siku ya kuachia iwepo ya kuachia.

Kabla ya kulipa, meneja anafunga kifungo cha koti kilicho juu ya kitovu na kukiacha cha chini wazi, kisha anakaa kwenye kiti cha fundi na kunyoosha mikono kana kwamba ameshika usukani. Mikunjo ikitawanyika kutoka kwenye kifungo kama miale, koti linabana kiunoni. Kola ikiachana na shingo mikono ikiwa imeshuka, tatizo liko mgongoni au begani na halitatoka kwa pasi. Lake limetulia. Anauliza sasa kuhusu lile begi, na mshauri anamwambia wazungumze baada ya vikao vya Ijumaa mbili tatu, akishajua wakurugenzi wanaangalia wapi anapoingia.