Kizazi kinapotoka nje

Ng'ombe wa maziwa amezaa alfajiri kwenye banda la ndani, miteremko ya Mlima Meru. Ni uzao wake wa tatu, na ndama ni mkubwa. Wanaume wanne walivuta kwa kamba mpaka akatoka. Saa mbili baadaye mama amelala, anasukuma tena, na nyuma yake pananing'inia nyama nyekundu inayofika karibu na visigino, imejaa vinundu vyeusi-vyekundu kama vitufe, kipande cha kondo la nyuma bado kimeshikilia. Huo ni mfuko wa uzazi uliogeuka nje ndani, na unahitaji daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Wengi huuchanganya na uke uliotoka. Uke huchomoza kabla ya kuzaa, hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Ni donge laini la rangi ya waridi lisilo na vinundu. Mwanzoni huonekana ng'ombe akilala na hurudi akisimama. Mfuko hutoka baada ya kuzaa, kwa kawaida ndani ya siku moja. Tofauti hii ndiyo inayoamua mnyama atafanywa nini baadaye.

Ukishapiga simu, kazi yako ni kulinda kile kilichotoka. Usimwinue ng'ombe wala kumtembeza. Ndani ya mfuko ule kuna mishipa mikubwa ya damu, na uzito ukibembea inaweza kukatika, mnyama akafa kwa damu inayovuja ndani bila wewe kuona hata tone. Ukiona ufizi umekuwa mweupe, mwambie daktari mara moja. Mfunge alipo, fukuza mbwa na kuku, watenge ng'ombe wengine.

Halafu chemsha maji, yaache yapoe, na kila lita moja itie chumvi vijiko viwili vidogo visivyojaa. Suuza mavi na majani taratibu bila kusugua, kisha funika kwa shuka safi iliyolowa maji hayo na uendelee kuilowesha. Watu wawili wanyanyue shuka mpaka mfuko ulingane na uke. Hapo damu hurudi vizuri na uvimbe haupandi. Ukikawia kupata daktari, nyunyiza sukari nyingi juu yake. Sukari hufyonza maji na mfuko husinyaa, ukarahisisha kurudishwa. Kondo lisilotoka lenyewe usilibandue: vinundu vikichanika hutoa damu nyingi.

Daktari akifika atachoma dawa ya ganzi kwenye uti wa mgongo karibu na mkia ili ng'ombe aache kusukuma. Atamlaza kifudifudi na miguu ya nyuma ikinyooshwa nyuma, kisha atarudisha mfuko kidogo kidogo akianzia sehemu iliyo karibu na uke, kwa viganja au ngumi, kamwe si kwa ncha za vidole, maana hizo hutoboa. Ncha za pembe za mfuko lazima zinyooke kabisa ndani. Zikibaki zimejikunja, ng'ombe atasukuma tena na utatoka tena. Hufuata dawa ya kukaza mfuko, antibayotiki na mara nyingi kalsiamu. Uliza maziwa yasinywewe kwa siku ngapi.

Kalsiamu hiyo ina sababu. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi hupoteza kalsiamu ghafla anapozaa, na misuli ya mfuko, ambayo ingepaswa kujikaza, hulegea. Ndiyo homa ya maziwa. Ongeza ndama aliyevutwa kwa nguvu, na kondo linalovuta kutoka ndani, na mfuko hauna kinachouzuia. Kwa hiyo vuteni pale tu ng'ombe anaposukuma, watu wawili wasizidi, na akishindwa itwe msaada. Akizaa, msimamishe mapema. Wiki za mwisho za mimba usimpe chokaa ya ziada: mwili huzoea kupewa tu, ukashindwa kuchota kalsiamu mifupani inapohitajika. Wala asinenepe kupita kiasi.

Sakafu iliyoinama sana kuelekea nyuma husukuma tumbo kwenye uke kila anapolala. Kwa kondoo, uke hutoka wiki mbili tatu kabla ya kuzaa, hasa aliye mnene au mwenye mapacha, tumbo likijaa malisho ya makapi. Osha, mnyanyue nyuma ili kibofu kilichobanwa kitoe mkojo, sukuma kwa kiganja, na daktari afunge. Nyuzi hizo zikatwe uchungu unapoanza, la sivyo mwanakondoo atapasua njia.

Ng'ombe aliyetoka mfuko anaweza kushika mimba tena, na si lazima arudie. Aliyetoka uke kwa kawaida hurudia, na hali hiyo hurithiwa: mnenepeshe umuuze baada ya kuzaa, wala usiwaweke majike wake kwa uzazi.